Uzi wa Meza ya Koboko

Mama Jalia hakuwa na imani na futi ya kupimia. Alisema futi ni ya mafundi wa sokoni, watu wanaoshona nguo ya meza wasiyoiona, kwa mtu wasiyemjua. Yeye alipima kwa uzi. Ukimletea habari ya meza ya mviringo, alikwenda mwenyewe, akaweka ncha ya uzi katikati ya meza, akauvuta mpaka ukingoni, akauacha ushuke upande mmoja tu, hadi pale alipotaka nguo ikomee, akafunga fundo. Basi. Uzi huo ulikuwa nusu ya nguo nzima, kwa hiyo hakuhitaji kujumlisha wala kugawanya. Kitambaa alikikunja mara nne, akashika ncha ya uzi kwenye kona ya mkunjo, akaizungusha chaki pale penye fundo, akakata akiacha vidole viwili nje kwa ajili ya upindo. Mtaa mzima wa Oli ulijua kwamba nguo ya Mama Jalia ikitandikwa, inaanguka sawa pande zote, na kwamba ukimsifu sana atakuuliza kama unataka kukopa.

Nyuzi hizo hakuzitupa. Kila moja aliizungushia kipande cha katoni na kuiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na sindano zake. Binti wa nyumba ile akiolewa, mama alimshonea nguo ya meza ya kwanza kwa mkono, na siku mama anapokwenda kula kwa mara ya kwanza nyumbani kwa bintiye, nguo hutandikwa, na uzi wake hukabidhiwa mwenye meza. Mama yake mwenyewe alifanya hivyo, na bibi yake pia, tangu enzi za mababu waliokuja na jeshi kutoka Sudani wakiwa na bunduki begani na wake nyuma.

Sasa Hawah, binti mdogo, alikuwa ameolewa na Akram kule Koboko, na Mama Jalia alikuwa anapofuka.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimwambia bila kuzungusha: matone yatachelewesha kidogo, lakini kilichokwenda hakirudi. Ugonjwa ulikuwa umeanza pembeni, ukawa unaingia ndani polepole, hata akabaki na kitundu kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ndani ya kitundu hicho aliona sindano na ua analolidarizi. Nje yake hakuona kitu.

"Nguo ya Hawah ndiyo ya mwisho," alimwambia Zuhurah, binti mkubwa, aliyeachika na kurudi nyumbani miaka sita iliyopita. "Hiyo nikimaliza, Mungu achukue macho yake. Lakini hiyo nitamaliza, na itakaa mzuri."

Hakutania. Alipanda gari kwenda Koboko na macho yake hayo mabovu, akaipapasa meza ya mvule aliyotengenezewa Hawah, akapima kwa uzi, akafunga fundo, akarudi jioni na uzi umezungushwa kwenye katoni. Alimkabidhi Zuhurah kana kwamba anampa mtoto mchanga.

Na Zuhurah akaupoteza. Hakuna namna nzuri ya kulisema hilo. Kesho yake asubuhi Driwaru, mwanamke wa kijiji cha Adumi anayewauzia mihogo, alipasukiwa gunia mlangoni, mihogo ikatapakaa hadi barabarani. Zuhurah alikimbia ndani, akashika uzi wa kwanza uliokuwa karibu, akafunga gunia, wakacheka, Driwaru akaenda zake. Saa sita mchana Zuhurah aliiona katoni tupu juu ya dirisha. Alimpigia Driwaru simu. Gunia lilikuwa limeshauzwa sokoni pamoja na mihogo yake na uzi wake.

Angesema wakati ule, hadithi ingeishia hapo kwa matusi mawili matatu na safari nyingine ya Koboko. Lakini alimkumbuka mama yake akishuka garini jioni ile, mkono mmoja ukutani, mwingine umebana katoni kifuani, na hakuweza. Mficha uchi hazai, tunaambiwa, na bado tunajifunika. Alimpigia Hawah.

"Nipimie meza kwa futi. Wewe pima tu, usiulize."

"Upana wake, kutoka huku mpaka kule, iko sentimita mia moja na ishirini," Hawah alisema. "Na Mama alisema ianguke shibiri moja na nusu. Nimepima alipoonyesha, iko thelathini."

Mia na ishirini, ongeza thelathini: mia na hamsini. Hesabu iliyokaa vizuri hivyo nani angeishuku? Nusu yake sabini na tano. Zuhurah alikata uzi mpya, akafunga fundo kwenye sabini na tano, fundo la kurudia mara mbili na kubana kwa meno, kama alivyofundishwa na mama yake akiwa na miaka tisa. Akaushika konani, akazungusha chaki, akakata kile kitambaa kizito cha pamba cha rangi ya maziwa ambacho Mama Jalia alikuwa amekitunza sandukuni miaka kumi na moja.

"Umefuata uzi?" mama yake aliuliza akiwa amekaa barazani, sikio limeelekea mkasi.

"Nimefuata, Mama."

Akauzungusha uzi ule mpya kwenye katoni ya zamani, akautia ndani ya kopo. Alijiambia kwamba si uongo mkubwa. Urefu ni uleule, uzi ni uzi.

Mama Jalia alidarizi miezi mitano. Alianza kwa nyota ndogo katikati kabisa, mahali mikunjo minne ilipokutana, kisha akahamia ukingoni kudarizi mkanda wa maua mekundu na ya samawati, upana wa shibiri moja, ukianzia vidole vinne juu ya upindo. Alikuwa amepanga kila kitu kichwani. Mkanda ungening'inia wote chini ya ukingo wa meza, usipande juu hata jani moja, ili sahani zisiukalie na mgeni aliyeketi auone mapajani pake. Alifanya kazi asubuhi tu, jua likiwa upande wake. Mwezi wa kwanza alitunga uzi sindanoni mwenyewe. Mwezi wa tatu Zuhurah alimtungia. Mwezi wa tano alikuwa anatafuta mahali pa kuchoma kwa ncha ya kidole cha kushoto, na mara nyingine kidole ndicho kilichochomwa, akaifuta damu kwenye kanga kabla haijagusa kitambaa.

Alipokaribia kufunga mzunguko, aligutuka. "Maua ni thelathini na sita. Nilihesabu nafasi yao pale pale Koboko. Mbona nimefika mwanzo na nimetia ishirini na tisa?"

"Labda umeyatawanya, Mama."

"Labda." Alipitisha kidole juu ya mkanda. "Macho haya. Saba hayakupata nafasi, na mimi sikuona."

Zuhurah alimhurumia kwa moyo wake wote, na hakufikiri zaidi ya hapo. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote.

Nguo ilikwisha siku nne kabla ya safari ya kwenda kula kwa Hawah. Wakati huo kitundu cha Mama Jalia kilikuwa kimeziba. Alijua mchana na usiku, na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Asubuhi hiyo alikuwa jikoni anakanda unga wa gurusa, ule mkate wa kwao, mikono imejaa hadi kwenye viwiko, akamwambia Zuhurah aitandike nguo kwenye meza yao waone kama pasi imeshika.

Zuhurah aliitandika. Ilikuwa nguo nzuri, nzuri hata ikamtoa machozi. Ilianguka shibiri moja na nusu pande zote, maua yote chini ya ukingo, hakuna jani lililopanda. Alirudi nyuma hatua mbili aiangalie vizuri. Ndipo akaiangalia meza.

Meza yao ilikuwa ndogo. Alichukua futi, ingawa alishajua. Sentimita tisini. Ikiwa nguo inaanguka thelathini kwenye meza ya tisini, kwenye meza ya mia na ishirini ingeanguka ngapi? Meza inaongezeka thelathini, kumi na tano huku na kumi na tano kule. Zinabaki kumi na tano. Nusu ya alichotaka mama yake. Sehemu kubwa ya maua ingelala juu ya meza, chini ya sahani za wali.

"Inaanguka namna gani?" Mama Jalia aliita kutoka jikoni. "Kwa meza yetu lazima ikaribie chini, shibiri mbili na zaidi. Ile ya Koboko iko kubwa."

Mama alijua ilivyopaswa kuanguka. Angeigusa tu, angejua mara moja. Lakini mikono ilikuwa na unga, na nguo ilikuwa ya rangi ya maziwa.

"Shibiri mbili na zaidi, Mama," Zuhurah alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Alhamdulillahi," alisema mama yake, akaendelea kukanda.

Mchana ule Zuhurah alikwenda sokoni kwa fundi Moris, mshonaji wa mapazia na nguo za kumbi za harusi, mtu mpole mwenye pini mdomoni. Alimweleza yote. Moris alichukua kipande cha gazeti akachora duara.

"Dada, meza iko na mwisho huku, na iko na mwisho huku," alisema akigonga pande mbili za duara. "Nguo inaanguka huku, inaanguka huku. Thelathini unahesabu mara mbili. Mia na ishirini, thelathini, tena thelathini. Mia na themanini. Wewe umehesabu upande moja."

"Na meza ya pembe nne?"

"Ni hiyo hiyo. Urefu unaongeza mara mbili, upana unaongeza mara mbili. Mutu akisahau, nguo inakuwa kama kofia ya mtoto juu ya kichwa ya mzee." Alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha. "Huyo mama yako na uzi yake hangekosea. Uzi ikianzia katikati inahesabu upande moja tu, na inatosha, sababu inazunguka."

Zuhurah aliuliza kama angeweza kuunga pete ya kitambaa kuzunguka ukingo. Moris alisema anaweza, lakini kitambaa kile cha zamani hakipo tena sokoni. Rangi itasema na mshono utasema. Kisha akatoa shauri lililo bora. Nguo mbili. Ya chini ashone yeye, nyeupe tupu, duara la mia na themanini, kipenyo kizima bila kiungo kwa sababu alikuwa na kitambaa cha shuka chenye upana wa mbili na nusu. Ya mama itandikwe juu. Watu wa kumbi hufanya hivyo kila siku, ya chini ndefu na ya juu fupi, na wageni husifu.

"Itakaa mzuri," alisema. "Kwa macho itakaa mzuri sana."

Zuhurah alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia vizuri maneno hayo ya mwisho. Lakini hakuwa na lingine la kufanya, au alijiambia hivyo. Angeweza kurudi Oli, akakaa chini, akasema: Mama, nimekosa mimi. Aliitafuta njia ya kulisema siku tatu, jikoni, barazani, wakati wa kumtia matone ambayo hayakuwa na kazi tena. Kila alipofungua mdomo, mama yake alikuwa anazungumza habari ya nguo.

Koboko waliwapokea kama wafalme. Hajati Jamilah, mama yake Akram, alimshika Mama Jalia mkono tangu getini, akimwita dada, akimwonya kila penye ngazi. Zuhurah alikuwa ametangulia ndani na Hawah. Walitandika ya Moris kwanza, kisha ya mama juu yake, nyota katikati. Hawah alizunguka meza, akakunja uso.

"Kwa nini mbili?"

"Nitakueleza. Nyamaza kwanza."

Wanawake wa nyumba waliingia, wakapiga vigelegele. Na ilistahili. Weupe ulishuka hadi shibiri moja na nusu, juu yake rangi ya maziwa, na maua yakavuka ukingo wa meza nusu yakilala nusu yakining'inia, hata mtu asiyejua angedhani yalipangwa hivyo. "Mama Jalia, mikono yako iko na baraka!" Hajati Jamilah alisema, na alimaanisha. "Hapa Koboko hakuna nguo kama hii."

Mama Jalia alikuwa anatabasamu. Alisogezewa kiti, hakukaa. Akanyoosha mkono kuisalimia nguo, kama alivyofanya na kila nguo aliyoishona maishani mwake: kiganja juu ya meza, kisha nje hadi ukingoni, kisha chini.

Vidole vilifika kwenye upindo mapema mno. Alivirudisha juu, akapima tena kwa kidole gumba na cha kati. Haikufika hata shibiri moja. Kisha vidole vikashuka zaidi, vikakuta kitambaa kingine, chepesi, chenye upindo wa cherehani. Akaushika upindo huo kitambo kirefu. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni likiwa halina mtu ndani yake.

"Mmenifunika," alisema polepole.

Vigelegele viliisha. "Mama..." Hawah alianza.

"Zuhurah. Lete kopo."

Lilikuwa kikapuni, kwa kuwa uzi ulipaswa kukabidhiwa siku ile. Zuhurah alitaka kusema hakulileta, lakini Hawah alikuwa ameshalitoa. Mama Jalia aliipata katoni ya mwisho kwa kuipapasa, akafungua uzi, akatafuta nyota katikati ya meza, akaweka ncha juu yake na kuibana kwa kidole. Kwa mkono mwingine akauvuta uzi mpaka ukingoni, akaushusha. Fundo liliangukia juu ya upindo wa nguo yake, sawasawa, hata unywele haukupita kati.

"Nguo haina kosa," alisema. "Imefuata uzi. Uzi ndio uko mfupi." Alilizungusha fundo kati ya vidole, akalitambua. "Fundo ni langu. Nilifunga mahali si pake. Siku ile nilikuwa bado naona, nilisema mwenyewe naona. Kumbe macho yalikuwa yananidanganya tangu wakati ule. Na yale maua saba... Sasa najua kwa nini hayakupata mahali."

"Si wewe!" Zuhurah alisikia sauti yake ikipasuka mbele ya watu wote. "Mama, si wewe. Uzi wako nilipoteza. Nilifunga gunia la Driwaru. Huo ni uzi wangu, nilikata mimi, nilihesabu upande mmoja. Fundo nililifunga mimi kama ulivyonifundisha. Nilikudanganya."

Alilia bila haya, ameshika ukingo wa meza. Alikuwa amelisema hatimaye, lote, halikubaki hata neno. Alisubiri matusi. Aliyataka.

Mama Jalia aligeuza uso upande wa sauti, na uso ule ulikuwa na upole uliomtisha Zuhurah kuliko hasira.

"Nilikuuliza kama umefuata uzi. Ulisema umefuata."

"Nilikudanganya, Mama."

"Hapana. Unanidanganya sasa." Akapapasa, akaupata mkono wake, akaupigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto. "Umenishonea nguo ya chini ili watu wasione. Sasa unataka kubeba na kosa. Wewe ni mtoto mwema, Zuhurah. Lakini mimi si mtoto."

"Muulize Driwaru! Muulize Moris!"

"Watasema ulichowaambia waseme." Hakuna aliyecheka. Hawah alimwangalia dada yake, na Zuhurah aliona kwamba Hawah anamwamini, na kwamba hilo halitasaidia kitu, maana Hawah naye angeonekana anamhurumia mama. Hajati Jamilah alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akisema, "Dada, iko mzuri tu, iko mzuri sana," na kila aliposema hivyo Mama Jalia alitikisa kichwa kama mtu anayepewa pole ya msiba.

Akauzungusha uzi kwenye katoni. Hakumkabidhi Hawah. Aliukata kwa meno pale penye fundo, akautia mfukoni mwa gauni lake. Kisha akalifunika kopo, lenye sindano zote na nyuzi za meza za miaka arobaini, akalisukuma juu ya maua yake mpaka upande wa Hawah.

"Chukua wewe. Nilikuwa nasema moyoni, macho yakiisha, mikono itabaki. Nitashona kwa vidole. Kumbe nayo imeshakosea." Alitafuta kiti, akakaa, mikono yake mitupu mapajani, juu ya kitambaa cheupe ambacho hakukishona. "Basi tuleni. Wali utapoa."

Wakala. Sahani ya Zuhurah iliwekwa juu ya maua, na hakuweza kuiinua wala kuisogeza.